Damu Ni Nane, Lakini Chembe Zikoje?

Mgonjwa akitoka maabara huulizwa swali moja: damu ngapi? Naye hujibu kwa namba moja: nane, kumi, kumi na mbili. Namba hiyo ni himoglobini, yaani gramu za protini nyekundu inayobeba oksijeni katika kila desilita ya damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka kwenye 12, na kwa mwanamume 13. Aliye chini ya hapo ana upungufu wa damu. Tatizo ni kwamba upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Nane ya mwenye minyoo ya safura, nane ya mwenye selimundu na nane ya aliyekosa asidi ya foliki ni nane tatu mbalimbali, na dawa ya mmoja haimfai mwenzake.

Kinachozitenganisha kimechapwa kwenye karatasi ileile, mistari michache chini ya himoglobini, mahali ambapo mgonjwa hasomi, na wakati mwingine hata anayemwandikia dawa haangalii. Kipimo chenyewe ndicho kinachoitwa FBP katika hospitali za Tanzania, na hemogramu kwa Wakenya wengi. Watunzi wa mitihani ya maabara wanakipenda mno. Humpa mwanafunzi majibu ya mgonjwa, wakamtaka ataje aina ya upungufu wa damu na kipimo kinachofuata. Mwanafunzi huwa amekariri jedwali la safu tatu, la chembe ndogo, za kawaida na kubwa, kila safu na magonjwa yake. Jedwali ni la kweli. Ila swali zuri hutungwa makusudi ili anayelitegemea jedwali peke yake aanguke.

Msingi wa jedwali hilo uliwekwa na daktari Maxwell Wintrobe, ambaye mwaka 1929, akiwa New Orleans, alichapisha maelezo ya mrija mwembamba wenye alama za vipimo. Damu ikitiwa humo na kuzungushwa kwa kasi, chembe nyekundu hushuka chini na maji ya damu hubaki juu, hivyo unasoma moja kwa moja ni sehemu gani ya damu imejazwa na chembe. Sehemu hiyo ndiyo hematokriti, HCT kwenye karatasi. Wintrobe akaona kwamba ukijua chembe zimejaza nafasi kiasi gani, na ukijua idadi yake, unaweza kugawanya ukapata ukubwa wa chembe moja. Jibu hutolewa kwa femtolita, kipimo kidogo kiasi kwamba lita moja ina femtolita trilioni elfu moja. Chembe ya mtu mzima mwenye afya huwa na femtolita 80 hadi 100. Kwenye karatasi mstari huo ni MCV.

Mwaka 1953 Mmarekani Wallace Coulter akapata hataza ya njia ya kuhesabu chembe kwa umeme, na mashine nyingi za leo bado zinafuata wazo lake. Chembe hupitishwa mojamoja kwenye tundu dogo lenye mkondo wa umeme. Kila inayopita huziba mkondo kidogo, na kubwa huziba zaidi. Mashine huhesabu mapigo na kupima urefu wa kila pigo. Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulipita: kwa mkono, tunapima hematokriti kisha tunakokotoa MCV, mashine hufanya kinyume, hupima MCV kisha ikakokotoa hematokriti. Nitalihitaji jambo hili mbele.

Sasa tuchukue swali. Mwanamke wa miaka 27, mkulima wa mpunga, amechoka kwa miezi kadhaa, hedhi yake ni nzito, na siku hizi anatamani kula udongo. Majibu yake ni haya:

```
HGB   8.1 g/dL
RBC   3.9 x10^12/L
HCT   26.1 %
MCV   67 fL
MCHC  31.0 g/dL
RDW   19.2 %
PLT   486 x10^9/L
```

Kabla ya kutaja ugonjwa wowote, hakikisha karatasi inakubaliana na yenyewe. Zidisha himoglobini mara tatu: 24.3. Hematokriti haipaswi kuwa mbali na hapo kwa zaidi ya tatu hivi, nayo ni 26.1, kwa hiyo inapita. Gawanya hematokriti kwa idadi ya chembe: 26.1 mara 10, kwa 3.9, unapata 67. Sampuli inaaminika. Mtunzi anayetaka kujua kama mwanafunzi anafikiri humnyima mstari wa MCV na kumwachia hesabu hiyo aifanye mwenyewe.

Chembe ni ndogo, hilo halina ubishi. Ukitazama jedwali, safu ya chembe ndogo huanza na ukosefu wa madini ya chuma, ikafuatiwa na thalasemia, kisha baadhi ya upungufu wa damu wa magonjwa sugu na mengine machache. Hapa hedhi nzito, hamu ya udongo na kilimo cha kukanyaga tope lenye minyoo vinaelekeza kwenye chuma. Lakini mtunzi mkali hukufichia hadithi yote, akakuachia namba tupu. Je, namba zenyewe zinasema?

Zinasema, na mstari wa kuangalia ni RDW. Huu hupima jinsi chembe zinavyotofautiana ukubwa. Kwa kawaida huwa kati ya asilimia 11.5 na 14.5. Wa mwanamke huyu ni 19.2. Chembe nyekundu huishi siku 120 hivi. Chuma kinapoanza kupungua mwilini, uboho unazaa chembe ndogo, lakini zile kubwa zilizozaliwa miezi mitatu iliyopita, chuma kilipokuwa bado kipo, zingali zinazunguka. Kadiri ghala la chuma linavyokauka, chembe za wiki hii ni ndogo kuliko za wiki iliyopita. Damu inakuwa na vizazi vya ukubwa tofauti, na RDW inapanda.

Idadi ya chembe nayo ni shahidi. Uboho usio na chuma hauwezi kuzaa sana, ndiyo maana RBC imebaki 3.9. Chembe sahani 486 ni nyingi kuliko kawaida, jambo linaloonekana mara nyingi mtu akikosa chuma. Kipimo kinachofuata ni feritini, protini inayohifadhi chuma. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ni ushahidi kwamba ghala liko tupu. Ila feritini hupanda mtu akiwa na malaria au uambukizo wowote, kwa hiyo namba inayoonekana nzuri kwa mwenye homa haimtoi mtu kwenye orodha ya waliokosa chuma. Swali likikupa feritini 40 pamoja na alama za uvimbe zilizo juu, mtunzi anakutega.

Tuhamie pwani. Mwanamke mwingine, umri uleule, mzaliwa wa Kilifi, hana malalamiko yoyote. Amepimwa kwa ajili ya ajira. Himoglobini yake ni 11.6, chini kidogo tu ya mpaka. Hematokriti ni 37.0 na RBC ni 5.5. MCV ni 67, sawasawa na ya yule mkulima. RDW ni 14.6.

Kwenye jedwali, wanawake hawa wawili wanakaa kiti kimoja. Ukisoma mistari mingine wanaachana kabisa. Huyu wa pili ana chembe nyingi kuliko mwanamke wa kawaida; uboho wake unazaa bila shida, isipokuwa unazaa chembe ndogo. Na chembe hizo zinakaribia kulingana, kwa sababu aliye na thalasemia amerithi kasoro tangu tumboni na kila chembe aliyowahi kuzaa imepitia kasoro hiyohiyo. Hakuna kizazi cha zamani kilichokuwa kikubwa. Mwaka 1973 daktari William Mentzer alipendekeza hesabu rahisi: gawanya MCV kwa RBC. Ikizidi 13, fikiria chuma. Ikiwa chini ya 13, fikiria thalasemia. Kwa mkulima, 67 kwa 3.9 ni 17. Kwa huyu wa Kilifi, 67 kwa 5.5 ni 12. Hesabu hiyo haithibitishi kitu, na hushindwa hasa mtu anapokuwa na mambo yote mawili. Ila kwenye chumba cha mtihani, na kwenye zahanati isiyo na kipimo cha feritini, inasaidia kujua pa kuanzia.

Nimemweka huyu Kilifi kwa sababu alfa thalasemia ya aina nyepesi imeenea sana katika pwani ya Afrika Mashariki. Himoglobini ya mtu mzima hujengwa kwa minyororo ya alfa na beta. Kila mtu hurithi jeni nne za alfa, mbili kwa baba na mbili kwa mama. Aliyepoteza moja haonyeshi kitu. Aliyepoteza mbili huwa na chembe ndogo na upungufu mdogo wa damu, akaishi maisha yake yote bila kujua. Tafiti zilizofanywa Kilifi zimeonyesha kwamba watoto wenye hali hii hupata malaria kali kwa nadra zaidi kuliko wenzao, na hiyo ndiyo sababu inayotolewa ya hali hii kuenea mahali penye mbu.

Mtunzi anayelijua hili huongeza kipengele kimoja: utenganishaji wa himoglobini kwa umeme umeonyesha HbA2 ya kawaida. Mwanafunzi hukimbilia kuandika kwamba thalasemia haipo. Amekosea. HbA2 inayozidi asilimia 3.5 hufichua beta thalasemia, ile inayojulikana zaidi katika nchi za Mediterania na za Ghuba. Alfa ya aina nyepesi kwa mtu mzima haionekani kwenye kipimo hicho. Inahitaji kipimo cha DNA. Kwa vitendo, mahali pasipo na DNA, jibu linalokubalika ni hili: pima feritini, na ikiwa chuma kipo, usimpe vidonge vya chuma mwaka hadi mwaka ukingoja MCV ipande. Haitapanda.

Mpaka hapa tumekuwa na karatasi ambayo MCV inasema ukweli, ila haisemi wote. Karatasi ya tatu ni mbaya zaidi, kwa sababu MCV yake inapoteza mtu kabisa, na ndiyo ninayoiona yenye faida kubwa kuliko zote. Mjamzito wa wiki 26, mimba ya nne, chakula chake kikubwa ni ugali wa muhogo. Himoglobini 7.6, RBC 2.75, hematokriti 23.4. Chembe nyeupe 3.9, chembe sahani 128, zote mbili ziko chini kidogo. MCV ni 85.

Namba 85 iko katikati ya kawaida. Jedwali linampeleka mwanafunzi kwenye safu ya chembe za kawaida: kupoteza damu ghafla, figo, magonjwa sugu. Wengi huandika hivyo na kufunga daftari. Lakini mstari wa RDW unasema 26, na namba hiyo haiwezi kupuuzwa. MCV ni wastani, na wastani haulazimiki kufanana na chochote kilichopo. Changanya dagaa na sangara kwenye ndoo moja, ugawanye uzito kwa idadi, utapata uzito wa samaki ambaye hayumo ndooni.

Damu ikipakwa kwenye kioo, ikatiwa rangi na kutazamwa kwa hadubini, jambo huwa wazi. Kuna chembe ndogo zilizopauka katikati, na kando yake chembe kubwa za umbo la yai. Hata grafu inayochorwa na mashine hutoa nundu mbili badala ya moja. Kisha tazama chembe nyeupe aina ya neutrofili. Kiini chake kwa kawaida kina vipande vitatu au vinne. Hapa unaikuta yenye sita. Neutrofili moja ya vipande sita inatosha kukushtua, na tano katika kila mia zenye vipande vitano zinatosha pia.

Mama huyu amekosa vitu viwili kwa pamoja. Kukosa chuma kunampa chembe ndogo. Kukosa foliki kunampa kubwa, kwa sababu bila foliki chembe changa kwenye uboho haiwezi kukamilisha DNA yake kwa wakati. Mwili wake unaendelea kukua na kujaza himoglobini huku kiini kikichelewa kugawanyika. Hali hiyohiyo huzuia chembe nyeupe na chembe sahani zisizaliwe kwa wingi, ndiyo maana nazo zimeshuka. Upungufu wa vitamini B12 hutoa picha ileile, na hapo kuna hatari: foliki peke yake inaweza kuinua himoglobini ya aliyekosa B12 huku mishipa yake ya fahamu ikiendelea kuharibika. Swali moja zaidi linapaswa kuulizwa kabla ya kuandika jibu. Je, aliongezewa damu karibuni? Chembe za mtu mwingine zikiwa ndani ya damu yake, nundu mbili zitaonekana bila foliki kuhusika, ingawa vipande sita vya kiini havitakuwapo.

Kuna karatasi ambazo kosa lake haliko kwa mgonjwa wala kwa wastani, bali kwenye chupa yenyewe. Himoglobini 9.0, RBC 1.9, MCV 113, hematokriti 21.5, MCHC 41.9. Anayesoma MCV kwanza ataandika foliki. Rudi kwenye hesabu ya mara tatu: tisa mara tatu ni 27, hematokriti ni 21.5, mbali mno. Na MCHC, ambayo ni himoglobini iliyosongwa ndani ya chembe, kwa kawaida ni 32 hadi 36. Chembe nyekundu haina nafasi ya kubeba 41.9. Hakuna damu ya namna hiyo.

Kilichotokea ni kwamba damu ya mgonjwa ina kingamwili zinazoamka kwenye baridi, na chupa ilipokaa mezani zikazigandanisha chembe mafungumafungu. Hali hii hufuata mara nyingine nimonia ya vimelea vya mikoplazma. Fungu la chembe mbili tatu likipita kwenye tundu, mashine huona chembe moja kubwa. Idadi inashuka, ukubwa unapanda, na kwa kuwa mashine hukokotoa hematokriti kutokana na hizo mbili, nayo inapotoka. Himoglobini haiguswi, kwa sababu ili kuipima mashine hupasua chembe zote kwanza, zilizogandana na zisizogandana. Dawa ya karatasi hii ni joto: weka chupa kwenye nyuzi 37 kwa nusu saa hivi, kisha ipime upesi kabla haijapoa. Himoglobini itabaki 9.0, lakini RBC itakuwa 2.9, MCV 93 na MCHC 33. Aliyekuwa na chembe kubwa hana tena.

Chembe kubwa za kweli, kwa upande wake, si lazima ziwe ugonjwa. Zidovudini, dawa ya virusi vya UKIMWI, hukuza chembe, na ilipokuwa ikitumiwa na wengi, MCV ya 110 ilikuwa jambo la kila wiki. Haidroksiyurea wanayopewa wenye selimundu hufanya vivyo hivyo, kiasi kwamba madaktari wa kliniki hizo huiangalia MCV kujua kama dawa inamezwa. Namba isipopanda baada ya miezi kadhaa, huuliza dozi zinazorukwa.

Ila mtoto wa pwani mwenye selimundu mara nyingi amerithi na alfa thalasemia. MCV yake kabla ya dawa inaweza kuwa 70, na baada ya miezi sita ya haidroksiyurea ikafika 84. Mashine haichapi alama yoyote pembeni ya 84, na mwanafunzi aliyepewa karatasi ya leo peke yake ataandika kwamba chembe ni za kawaida na huenda dawa hainywewi. Mtunzi aliyeambatanisha karatasi ya miezi sita iliyopita, kwenye ukurasa wa nyuma wa swali, alikuwa akingoja kuona nani atageuza ukurasa.